Nambari Thelathini na Moja

Kadi ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa nusu ya wanawake wa mtaa kabla Mahmudi hajarudi kutoka kazini, na kila aliyeishika alisema yale yale: ni Badi huyu, si mwingine. Mahmudi ndiye aliyeonyeshwa mwisho. Naye ndiye mtu pekee katika Kismayu nzima, ukiwatoa Wazungu, ambaye kazi yake ilimpitisha kwenye kadi za namna ile kila siku. Mkosi wake ulikuwa huo.

Badi alikuwa mume wa dada yake, Mwanatumu, na pia mtoto wa mama yao mkubwa, Mwanasiti wa Kudhaa. Vita vilipokwisha aliondoka kwenda Mombasa, akaandikwa mpiga makaa katika meli moja ya moshi, na tangu hapo hapakuja salamu, wala kanga, wala mtu wa kusema nilimwona. Mwanatumu alingoja mpaka akachoka, kisha akangoja tena kwa haya tu. Sasa Sheikhan, fundi wa mashua wa Koyama, alikuwa ameleta posa, na kadhi alikuwa amekubali kuivunja ndoa ya zamani siku ya Alhamisi. Mwanatumu alianza kucheka tena ndani ya nyumba, na Mahmudi alikuwa amesahau kwamba dada yake anajua kucheka.

Ndipo Famau baharia akarudi na jahazi kutoka Mombasa na kadi ile mfukoni.

"Alinipa mpiga makaa mmoja wa meli," Famau alieleza, ameketi barazani kwa raha ya mtu aliyeleta habari njema. "Niliiona sura nikapiga kelele. Tazama kifuani, ana chapa ya meli. Tazama nyuma, ana nambari. Sisi melini hatuitwi majina, Mahmudi, tunaitwa nambari. Hicho ni cheti chake cha kazi."

Hakuna aliyemcheka, na kwa nini acheke? Mabaharia wote wa pwani ile wanajua kwamba kampuni za meli huwavalisha watu wao fulana zenye chapa, na serang, msimamizi wa mabaharia, akimtaka mtu humwita kwa nambari yake. Mtu mwenye fulana, chapa na nambari ni mtu wa meli. Hata Mahmudi, laiti asingekuwa mtumishi wa mesi, nyumba ya kulia maofisa wa Kiingereza, angeapa hivyo hivyo.

Mwanasiti alikuwa amekuja kutoka Kudhaa kwa mashua siku ile ile aliyopata habari. Alimpa Mahmudi kadi kwa mikono miwili.

"Nisomee jina la mwanangu," alisema.

Ilikuwa ndogo, urefu wa kidole. Mbele palikuwa na picha ya mwanamume aliyefunga mikono, amevaa fulana ya mistari, na upande wa moyo ana chapa ya jahazi lenye milingoti mitatu. Sikio lake la kushoto lilikunjika kidogo juu, na la Badi lilikuwa hivyo hivyo. Picha yenyewe ilikuwa ya rangi ya kahawia, ile inayowafanya watu wote, weupe kwa weusi, wawe watoto wa mama mmoja. Ukingo wa chini, mahali pa jina, ulikuwa umechanika. Nyuma maji ya chumvi yalikuwa yamekula karibu kila kitu. Palibaki 31, maneno mawili ya Kiingereza juu, maana yake "mfululizo wa pili", na vipande vya mistari iliyokatika.

"Jina halipo, Mama," Mahmudi alisema. Hakusema uwongo, lakini hakusema na alichokijua.

Alijua nini? Alijua kwamba ndani ya kila pakiti ya sigara za Mnara, wanazovuta maofisa, mna kadi kama ile. Kapteni mmoja alikuwa anamkusanyia mwanawe aliyeko Uingereza, na kazi ya Mahmudi ilikuwa kuziokota mezani, kuzifuta jivu na kuzipanga kwa mafungu na nambari ndani ya makopo ya biskuti. Zilizozidi alizibadilisha na karani Mgoa wa forodha, naye alikuwa na bwana wake anayemkusanyia. Kwa hiyo Mahmudi alitambua kadi ilikotoka hata kabla hajaigeuza. Ila kutambua ilikotoka si kumtambua mtu aliyemo. Katika kadi za Mnara kulikuwa na wapanda farasi, askari, hata mabaharia. Mbona asiwemo Badi?

Mwanasiti alikwenda kwa kadhi na kadi yake, na kadhi akafanya alilotakiwa kufanya: kama mume yu hai na anaonekana, hawezi kuivunja ndoa gizani. Akaahirisha. Sheikhan akatuma mtu kuuliza, kwa adabu sana, kama arudi Koyama. Na Mwanatumu akaacha kucheka.

"Wewe unazijua hizi," alimwambia kaka yake jikoni, akiparua magamba ya samaki bila kuinua uso. "Niambie kama ni yeye. Kama ni yeye nitakaa. Sitalalamika. Lakini nisikae kwa ajili ya kikaratasi."

Asubuhi, maofisa walipokwenda gwaride, Mahmudi alishusha makopo kutoka rafuni. Mesi nzima ilikuwa imejaa masanduku, maana Waingereza walikuwa wanaikabidhi nchi kwa Wataliani, na kila mtu alikuwa anafunga vitu vyake. Alitafuta 31. Ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya mchezaji wa kriketi, mzee mwenye ndevu na gongo lake. Akatoa 31 nyingine, kutoka fungu la wacheza mpira: mlinda lango mnene mwenye kofia. Wala huyu si yeye. Moyo wake ukaruka. Aliona haya baadaye kwa jinsi ulivyoruka, kwa sababu uliruka kwa furaha kwamba huenda ni Badi kweli, na furaha ile ilimaanisha dada yake kufungwa tena.

Lakini mkono wa mtu aliyezoea kazi haungoji moyo. Nambari peke yake haimtaji mtu. Kila fungu lina thelathini na moja yake. Yule mnene alikuwa wa mfululizo wa kwanza, imeandikwa hivyo juu kabisa, na kadi ya Mwanasiti inasema wa pili. Mfululizo wa pili Kapteni alikuwa ameuanza juzijuzi tu, nao ulikuwa kwenye kopo dogo.

Akaufungua. Ishirini na tisa, mchezaji mwenye fulana nyeupe. Thelathini, fulana ya mistari, na kifuani jahazi la milingoti mitatu. Watu wa Mnara walikuwa na desturi ya kuwaweka wachezaji wa timu moja wakifuatana. Akaigeuza inayofuata kabla hajaiangalia, akasoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno: nambari 31, Wacheza Mpira Mashuhuri, mfululizo wa pili, picha hamsini. W. Garside, beki wa kushoto wa Marlhaven. Alizaliwa mjini humo humo, mwaka 1893. Ameichezea timu hii tangu 1912. Ana mguu mzito na haogopi mtu. Kisha tangazo la sigara. Mwisho wa kila mstari ulikuwa vile vile kama vipande vilivyobaki kwenye kadi ya mama yake mkubwa.

Akaigeuza. Sikio la kushoto limekunjika juu.

Angeweza kuirudisha koponi. Kapteni angeondoka nayo, na pwani nzima asingebaki mtu wa kumkanusha Mwanasiti. Mama yule alimnyonyesha Mahmudi mamake alipougua. Mahmudi alikula nyumbani kwake Kudhaa mpaka akapata akili. Alikaa na kadi mkononi, akamchukia Kapteni, akamchukia Famau na uchangamfu wake, akamchukia hata huyo Garside asiyeogopa mtu. Halafu akachukua zote tatu, thelathini, thelathini na moja na thelathini na mbili, akazitia ndani ya kofia yake.

Kwa kadhi walikaa jamvini. Kadhi alimtazama Mahmudi kwa macho makavu.

"Wewe ni walii wa huyu binti, na ndoa mpya unaitaka. Kwa nini nikusadiki?"

"Usinisadiki, Sheikh. Simsomei mchu," Mahmudi alijibu, akisema mchu kwa mtu kama wasemavyo kwao visiwani. " Mama atatazama mwenyewe."

Akazipanga mbele ya Mwanasiti. Hakutaja jina la mtu wala la timu. Mwanasiti aliinama. Aliiona ya thelathini na ya thelathini na mbili, Wazungu wawili wenye fulana ile ile na jahazi lile lile. Akaiona ya katikati. Akatoa yake kutoka pembe ya leso, akailaza pembeni yake, sikio kwa sikio.

Kidole chake kilikwenda huku na kurudi kule.

"Ni wawili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Cheti cha mchu hakiwi viwili."

"Hakiwi."

"Wako wengine?"

"Wengi. Wanatiwa kwenye sigara. Kila anayevuta anaweza kumpata."

Mwanasiti akaisukuma kadi yake mwenyewe ikajiunga na zile nyingine, akaziacha zote pale kwenye jamvi. Kadhi alisema kwa upole kwamba jambo limerudi lilipokuwa, na kwamba mume asiye na habari wala matumizi, shauri lake linajulikana, akaivunja ndoa ya Mwanatumu. Mwanatumu hakushukuru. Alijifunika uso kwa buibui akalia kwa sauti, kilio cha mke, si cha mchumba, na Mahmudi akatambua kwamba hata dada yake alikuwa ameiamini ile picha.

Njiani Mwanasiti alitangulia, mgongo umenyooka. Walipofika nyumbani hakuingia ndani. Aligeuka mlangoni.

"Miaka yote hii walinambia niweke matanga, nikakataa," alimwambia Mahmudi. "Nilisema mwenye kuniletea maiti ndiye nitakayemsadiki. Basi umeleta wewe. Toa majamvi, uyatandike nje."

"Mama, hatujui kama amekufa. Picha si yake, basi. Ni hilo tu."

"Nilikuwa naye tangu Famau ashuke jahazini. Nimemlisha usingizini, nimemgombeza kwa kutonijuza. Leo amekwenda. Mwanangu mimi amekufa leo." Hakulia. "Hana baba, hana ndugu. Wa kusimama mlangoni ni wewe."

Mahmudi akatoa majamvi. Habari ilitangulia kama kawaida ya mji ule, na kabla ya alasiri watu walikuwa wanakuja, Famau mbele, ameinamisha kichwa, uchangamfu wote umemwisha. Akamshika Mahmudi mkono kwa mikono yake miwili.

"Mola akupe subira," alisema Famau.

Mahmudi alitaka kumwambia kwamba hapana maiti, kwamba alichofanya ni kulinganisha nambari. Nyuma yake, ndani, Mwanasiti alikuwa ameanza kulia.

"Amin," alijibu, akampa mkono anayefuata.