Sigara za Karafuu za Syombua

Mume wangu Musyimi alipoanza kukohoa, nilimsihi aache sigara. Jirani yetu Syombua, mjane mwenye kibanda sokoni Kalamba, akamletea sigara za karafuu. "Hizi hazikwaruzi koo, Baba Mwende," alimwambia. Yeye mwenyewe alikuwa akivuta biri, tumbaku iliyoviringishwa kwa jani, akiamini kwamba jani haliwezi kudhuru kifua.

"Syombua ananijali," Musyimi akaniambia. "Wewe ni kelele tu."

Wivu ulinichoma. Kila jioni Musyimi alikwenda kuketi kibandani kwake, nami nikabaki na uji unaopoa.

Kikohozi kilipozidi, nilimpeleka zahanati. Syombua naye akaja, amembebea maji ya kunywa. Nikafurahi moyoni: leo ataumbuka!

Musyimi alipomwonyesha sigara zile, muuguzi akasema, "Karafuu hutia koo ganzi. Husikii ukali, basi unavuta moshi hadi ndani kabisa. Sumu ni ileile."

"Na biri yangu?" Syombua akauliza.

"Ikitaka kuzimika unafanya nini, mama?"

"Naivuta kwa nguvu, tena na tena."

"Basi unajaza kifua sumu nyingi kuliko sigara ya kawaida."

Syombua akalia. "Baba Mwende, nilidhani nakusaidia." Akatupa biri zake kwenye pipa. Sikuweza kumcheka.

Sasa wanaacha pamoja. Hamu ikimbana mmoja, mwenzake humsindikiza kutembea hadi mtoni. Mimi sijawahi kuvuta, sina cha kuacha. Jana nilivaa viatu nikawafuata.

"Mama Mwende, wewe unakwenda wapi?" Musyimi akauliza.

"Nami hamu imenibana."

Syombua akacheka, akanipisha nitembee katikati.