Vyeti Kumi na Vinne na Kiwiko Kimoja

Jumatano hiyo mwalimu wa ushauri alikuwa amebakiwa na maelezo thelathini na saba ya kusoma kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, saa ambayo maombi ya vyuo vikuu yangefungwa. Ofisi yake ilikuwa pia stoo ya michezo. Mipira iliyokwisha upepo ilimtazama kutoka rafuni, na chai yake ilikuwa imepoa tangu kipindi cha pili. Aliendelea kuinywa hivyo hivyo, maana kwenda kuipasha kungemlazimu asimame.

Alikuwa amechoka, tusizungushe maneno. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisoma sentensi ileile: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa mwanafunzi mwenye bidii." Fomu ya mtandaoni ilikuwa na kisanduku cha maelezo binafsi cha maneno mia tatu, kilichojihesabia chenyewe na kukataa neno la mia tatu na moja. Na kila mtoto aliyekiona kisanduku hicho alikijaza kama mtu anayehama nyumba na kigari kimoja: kitanda, masufuria, kuku, na bibi juu yake.

Aliyekaa mbele yake sasa alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake walimwita Vyeti. Hilo jina hakulipata bure. Kila alikokwenda alibeba faili nene la bluu lenye vyeti kumi na vinne, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea sayansi ya usikivu wa masikio, kozi iliyofundishwa katika chuo kimoja tu na kuchukua wanafunzi ishirini kwa mwaka. Fomu ikishatumwa haikurudi kurekebishwa. Akikosa, hakuna pengine pa kuomba.

Mwalimu alikuwa na mtindo wake kwa watoto wa namna hii. Alitoa karatasi tatu kwenye rundo, akakunja sehemu yenye majina, akafunika maandishi akaacha mistari mitano ya mwanzo tu.

"Chagua yako," alisema.

Vyeti alizipitia. Zote tatu zilikuwa na klabu ya mdahalo, usafi wa mazingira, na ukiranja. Alisita, akanyooshea kidole ya katikati. Mwalimu akafunua jina. Ilikuwa ya kijana wa mkondo mwingine, anayeomba kusomea uhasibu.

"Haya," alisema mwalimu. "Wewe mwenyewe umejipoteza. Huko chuoni kuna mtu ana karatasi elfu mbili mezani, hajawahi kukuona hata kivuli. Akutafutie wapi?"

"Lakini mwalimu, hivi vyote nimevifanya kweli."

"Nani amekataa? Fomu ina ukurasa mzima wa vyeti na shughuli. Vipange kule vyote kumi na vinne, hakuna atakayekunyang'anya. Hiki kisanduku kinauliza jambo lingine: kwa nini wewe, na kwa nini kozi hii. Nataka kisa kimoja. Kimoja, mwanangu."

"Sina kisa," alisema Vyeti, na macho yake yakaenda kwenye faili.

Mwalimu angeweza kuacha hapo. Angegonga muhuri, akachukua karatasi ya thelathini na sita, na nani angemlaumu? Mwaka jana alifanya hivyo hasa, akampitisha kijana mwenye orodha ndefu kwa sababu siku hiyo kichwa kilikuwa kinamuuma. Kijana alijibiwa kwa mistari miwili ya pole. Bado alikutana naye sokoni mara mojamoja, na kijana alimwamkia kwa heshima zote, jambo ambalo lilimuuma zaidi kuliko kama angetukanwa.

"Njoo kesho na mzazi," alisema. Kwa kweli alichotaka kilikuwa siku moja ya kupumua.

Kesho yake alikuja baba. Alikuwa fundi wa mageti, mtu mpana, mwenye alama ndogo za cheche mikononi, na aliingia na sauti ya kujaza uwanja. Faili alilibeba yeye. Kumbe vyeti vile ni yeye aliyevitia kwenye plastiki, kimoja kimoja, na kuviandikia namba.

"Mwalimu, mtoto ameniambia unataka kuviacha nje!" alisema. "Haba na haba hujaza kibaba!"

"Na mshika mawili moja humponyoka, baba. Huyu wako ameshika kumi na manne."

Fundi alicheka, ila kacheko kake kalichelewa kidogo. Mwalimu aligeuka kutafuta vikombe vya chai kabatini, na akiwa amempa mgongo akauliza: "Yeye mwenyewe alianza lini kuipenda kozi hii?"

Alipotupa jicho nyuma, aliona kidole cha Vyeti kikigusa kiwiko cha baba yake, mara moja, polepole, kama mtu anayepangusa vumbi. Papo hapo fundi akasema kwa sauti, "Ndiyo, mwalimu! Kabisa!"

Jibu halikuwa na uhusiano wowote na swali. Mwalimu alirudi kitini. Alimsifu fundi kwa kuvitunza vyeti, akimtazama usoni, na safari hii kila neno lilijibiwa sawasawa. Baada ya chai alimwomba amwachie binti nusu saa.

Mlango ulipofungwa aliuliza, "Kwa nini unamgusa baba yako kiwiko?"

Vyeti aliinama.

"Nikimgusa mara moja, anajua ameulizwa," alisema msichana. "Mara mbili, watu wanacheka, acheke. Ni mashine za kukatia chuma, mwalimu. Miaka yote hiyo bila kuziba masikio. Sauti anaisikia, maneno ndiyo yanampotea. Hataki wateja wajue. Watasema fundi haelewi vipimo."

"Umejuaje kwamba ni maneno yanayopotea, si sauti?"

Hapo msichana aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza akaongea bila kulishika faili. Alikuwa amechora mistari ya chaki kwenye korido ya nyumbani, mmoja kila mita. Baba akikaa kiti cha mwisho akiangalia ukutani, yeye alisimama kwenye mstari na kumtajia maneno kumi kwa sauti ya kawaida, baba ayarudie. Alimwambia ni mazoezi ya shule. Aliandika kwenye daftari yapi yamefika na yapi hayakufika. Maneno yenye *m* na *b* yalifika mbali zaidi. Yenye *s* na *f* yalianguka njiani. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaelezwa kwamba kelele za karakana huanza kwa kula usikivu wa sauti nyembamba za juu. Baada ya mita tatu, baba hakupata hata neno moja.

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Na hili hukuliandika kwa nini?"

"Halina cheti," alisema Vyeti.

Mwalimu alitaka kucheka, akaacha. Alimvutia karatasi tupu. "Anzia kwenye mstari wa chaki. Usianze na utoto, usianze na ndoto. Sema ulifanya nini, ulipata nini, na kitu gani mpaka leo hukielewi, maana hicho ndicho unachokwenda kusomea. Na usinililie humo. Anayeomba nafasi ni wewe, si masikio ya baba yako."

"Atakataa."

"Akikataa hatukitumi. Siri ni yake, sharti aisome yeye kwanza. Ijumaa mje wote."

Usiku ule Vyeti aliandika. Mwalimu alijua hivyo kwa macho yake mekundu Ijumaa mchana, alipokuja na karatasi mbili: moja ya kisa, na nyingine, ya akiba, ile orodha ya zamani. Maneno ya kisa yalikuwa mia mbili na tisini na sita. Mdahalo haukuwamo, wala ukiranja. Kati ya mambo yote ya shule ilikuwa imebaki fizikia peke yake, kwa sababu ilikuwa na kazi ndani ya kisa.

Fundi alifika saa tisa na robo akiwa na nguo za kazi. Mwalimu alikaa mkabala naye, akasema taratibu, "Baba, soma. Ukisema hapana, tunatuma hii nyingine, na hakuna atakayelaumu."

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Vyeti alisimama karibu na mipira, mikono nyuma, na mara hii hakukuwa na kiwiko cha kugusa. Saa ya ukutani ilifika tisa na nusu. Mwalimu, ambaye asubuhi alikuwa ameapa kwamba hajali tena nani anaingia chuo gani, alijikuta anaomba kimoyomoyo. Alijua mtu huyu anaombwa nini. Anaombwa atoe aibu aliyoificha mji mzima usiione, ampe mgeni asiyemjua aisome akiwa ofisini kwake.

Fundi alimaliza. Akarudi juu, akasoma tena. Halafu akafungua faili la bluu, akapekua plastiki moja baada ya nyingine, akalifunga.

"Vyeti vyangu havimo kwenye kisa hiki," alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na mwalimu alishtuka. Hakujua kwamba anaweza kuongea chini.

Vyeti alikuja mbele ili baba amwone mdomo. "Havimo, baba. Nisamehe. Nilikudanganya pia kwamba ni mazoezi ya shule."

"Chaki niliiona," alisema fundi. "Korido ile nafagia mimi. Kila Jumamosi nafagia naikwepa."

Fundi aliomba kalamu. Aliinamia karatasi, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye chuma, akamsukumia binti yake.

"Umeandika mita tatu," alisema. "Hiyo ilikuwa ya mwaka jana. Mkienda kulala huwa naiweka redio kwenye mistari yako, mmoja mmoja. Siku hizi ni mbili. Kama unawaambia, waambie ukweli."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Vyeti alikaa kwenye kompyuta, ambako kisa kilikuwa tayari kisandukuni, akafuta *tatu*, akaandika *mbili*, na kisanduku kikahesabu maneno yaleyale mia mbili na tisini na sita.