Droo ya Tisa na Kifungu cha Ishirini na Mbili

Mawakili wenzake walimwita Mama Vifungu, kwa sababu hakuna mkataba uliopita mikononi mwake bila kusomwa mpaka nyuma ya karatasi ya mwisho. Kwa hiyo mganga mkuu wa hospitali alipomletea mkataba wa jokofu la mochwari, hakutaka kwanza kusikia malalamiko. Aligeuza karatasi, akavaa miwani, akaguna.

"Kifungu cha ishirini na mbili. Mgogoro wowote utasikilizwa na mahakama za nchi ya muuzaji, na si kwingineko. Hii saini ni yako, daktari?"

"Ni yangu. Jamani, nani husoma huko nyuma?"

"Mimi. Haya, niambie."

Jokofu lilikuwa na droo kumi na mbili, na lilitengenezwa ng'ambo. Droo kumi na moja zilifanya kazi bila tatizo. Ya tisa ilikataa katakata. Wairekebishe watakavyo, kipimajoto chake kilirudi palepale, nyuzi thelathini na saba.

"Thelathini na saba," Mama Vifungu alirudia polepole. "Si ndiyo joto la..."

"La mtu aliye hai na mzima. Najua."

Kesho yake asubuhi alikwenda kujionea. Mtunza maiti, mzee mmoja mkimya aliyefanya kazi ile miaka thelathini, alimfungulia droo ile. Ilikuwa tupu, safi, inang'aa.

"Weka mkono, mwanangu."

Aliweka. Bati lilikuwa na uvuguvugu wa kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akautoa mkono haraka, akaupangusa kwenye sketi bila kujua anapangusa nini.

Alifungua kesi katika mahakama ya hapohapo, akaomba ruhusa ya kupeleka wito nje ya nchi, akaipata. Lakini hakumdanganya mteja wake.

"Jaji hataanza kwa kuuliza nani ana haki," alimwambia mganga mkuu. "Atauliza kwanza kama kesi hii ni yake kuisikiliza. Mlikubaliana kwenda kwao, na mahakama hupenda watu washike walichokubaliana. Itaisimamisha kesi yetu, labda tuonyeshe sababu nzito sana."

"Tunazo?"

"Jokofu liko hapa. Mashahidi wako hapa. Ni sababu, ila kusema ukweli hazinipi usingizi mnono. Yote hayo mliyajua mlipotia saini."

Wakili wa kampuni iliyouza jokofu alikuwa kijana wake mwenyewe, maana Mama Vifungu ndiye aliyemfundisha kazi. Alifika mahakamani kwa pingamizi tu, kama alivyofundishwa: nimekuja, lakini nimekuja kusema kwamba hapa si mahali pake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza nyumbani kwangu?"

"Si mimi, Mwalimu. Ni kifungu cha ishirini na mbili." Wakacheka wote wawili.

Kabla pingamizi halijasikilizwa, kampuni iliomba fundi wake aje kulitazama jokofu. Mama Vifungu hakuona ubaya. Fundi alifika saa nne asubuhi, mtu wa makamo, akaingia mochwari pamoja na mzee. Nusu saa baadaye akatoka mbio, midomo myeupe, akapanda gari akaondoka. Sanduku lake la vifaa alilisahau sakafuni.

Mzee alimsimulia Mama Vifungu siku hiyohiyo, wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje.

"Aliifunga droo, akaigonga kwa spana, mara mbili, asikilize mlio wa bati. Ikajibu mara mbili."

"Mwangwi, mzee wangu."

"Hata yeye alisema hivyo. Akagonga tatu, zikajibu tatu. Basi akasimama pale, spana mkononi, hagongi." Mzee aliinua vidole vinne. "Zikaja nne."

Mama Vifungu aliinuka. Aliingia ndani peke yake, akatega sikio. Alisikia mashine ikinguruma, na chini ya mngurumo kitu kingine, kwa utaratibu, kama mtu anayevuta pumzi puani. Hakukaa kuhakikisha.

Siku mbili baadaye aliletewa maombi kutoka kwa wakili wa kampuni. Aliyasoma mara moja, akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena. Kampuni iliomba amri kwamba droo ya tisa isifunguliwe na jokofu lisiondolewe hospitalini, kwa sababu yoyote ile, mpaka mahakama hii itakapoisikiliza kesi na kutoa hukumu. Iliomba pia kesi ipangiwe tarehe, na fundi wake aandikwe kuwa shahidi. Alitafuta yale maneno aliyomfundisha kijana kuyaandika hata akiwa usingizini, "bila kuathiri pingamizi letu". Hayakuwemo.

Mahakamani jaji hakuchukua muda mrefu.

"Pingamizi la mdaiwa lilikuwa na uzito," alisema. "Kifungu kiko wazi, na sababu za mdai zisingenitosha. Ningeisimamisha kesi hii. Na kama mdaiwa angeomba tu mali itunzwe, huku akihifadhi pingamizi lake, lingebaki hai. Lakini amenitaka nipange tarehe, nipokee mashahidi, nitoe hukumu. Mtu hawezi kukataa mamlaka ya mahakama kwa mkono mmoja na kuyatumia kwa mkono wa pili. Amejisalimisha hapa, na kinga ya kifungu hicho ameiacha mwenyewe. Kesi itasikilizwa hapa. Droo ibaki imefungwa kama alivyoomba."

Mganga mkuu alimshika mkono kwa furaha. Mama Vifungu hakufurahi. Alimfuata kijana wake hadi mwisho wa korido, palipo na dirisha.

"Ulisahauje?"

"Sikusahau, Mwalimu." Hakumtazama usoni. "Niliyaandika. Mteja akaniamuru niyafute. Nikawaeleza kwa maandishi kwamba wakiyafuta, kesi itabaki huku. Wakanijibu kwa mstari mmoja: ndivyo tunavyotaka."

"Lakini walipigania kesi iende kwao!"

"Kabla fundi hajarudi. Kesi ikiwa kwao, jaji wao angeweza kuagiza jokofu lirudishwe likaguliwe. Wako radhi washindwe huku kuliko kushinda na kulipokea." Akashusha sauti. "Walikwisha kulipokea mara moja, Mwalimu. Kutoka kwa mnunuzi mwingine. Wakalipaka rangi."

Tarehe haikufika. Wiki ya tatu kampuni ilikiri kosa, ikaahidi majokofu mawili mapya badala ya moja. Mama Vifungu alimshauri mteja wake ashikilie jambo moja, bidhaa mbovu irudi kwa muuzaji. Kampuni ilikubali kila kitu isipokuwa hilo. Ikaongeza jokofu la tatu. Mganga mkuu alikuwa na maiti wanaosubiri, akatia saini, na safari hii alisoma mpaka nyuma.

Jokofu la zamani lilihamishiwa chumba cha nyuma, likazimwa umeme. Mama Vifungu alikwenda kushuhudia makabidhiano ya majokofu mapya. Waashi walikuwa wameshaanza kupanga matofali kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na mzee amesimama kando yao amevua kofia.

"Umezima umeme kweli?" alimnong'oneza.

"Tangu jana." Mzee alimwonyesha kipimajoto kidogo alichokuwa amekitoa ndani. Hakuhitaji kukisoma.

"Nyie mmegombania wiki zote hizi nani asikilize kesi yenu," mzee alisema, bila lawama. "Mkapata. Sasa huyu aliyemo, mwanangu, yeye apeleke wapi yake?"

Sheria zote alizozijua Mama Vifungu zilianza na jina la mtu na mahali anapoishi. Waashi waliweka tofali jingine. Aliinama akachukua mkoba wake, akaagana na mzee kwa mikono miwili, akatoka nje kwenye jua kali la adhuhuri, na mpaka alipofika kwenye gari alikuwa bado anahesabu, bila kutaka, milio ya bati iliyotoka chumba cha nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano.