Alichokata Kwanza

Baba Pacha alikuwa mpanga kurasa wa vitabu vya shule. Hakuajiriwa na mtu. Alifanyia kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, na karibu kazi zote alizipata kwa mteja mmoja, Mama Mhariri wa kampuni ya vitabu. Miaka sita walifanya kazi pamoja bila kukwaruzana. Kisha asubuhi moja mama huyo akamwandikia mistari mitatu: bajeti imesimamishwa, kazi zote za nje zimesitishwa hadi taarifa nyingine, samahani. Baba Pacha aliisoma mara nne, akaenda kuoga mara ya pili.

Mkewe, muuguzi, alitoka zamu akamkuta ameketi amenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende.

"Leta orodha ya vitu unavyolipia kila mwezi," alisema kabla hata ya kuvua viatu. "Mshahara wangu hauwezi kulisha watoto wawili na kompyuta."

Orodha ikaja. Kulikuwa na programu ya kupangia kurasa, ghali kuliko vyote. Kulikuwa na maktaba ya picha za kununua, inayoifuata kwa bei. Halafu vile vidogo vidogo: hifadhi ya mafaili ya mtandaoni, laini ya simu ya kazi, na barua pepe yenye jina la biashara yake, ile iliyoandikwa kwenye kadi anazogawa.

Mama Pacha akachukua kalamu. "Nambie bila kunizungusha. Kipi kinakuletea kazi, kipi unafanyia kazi, na kipi ni cha kuringia tu?"

"Vyote vya kazi."

"Picha hizi umepakua lini mara ya mwisho?"

Alikohoa. Alikuwa na miezi mitano hajagusa hata picha moja.

"Na programu hii?"

"Hiyo usiiguse! Mimi ni fundi. Fundi bila zana ni fundi gani?"

"Fundi asiye na kazi anaweza kushusha zana kwa muda. Si kuna ile ya bure uliyofundishia pacha? Mkataba wako ni wa mwaka, sawa, ukiuvunja katikati wanakutoza faini. Lakini hapa pameandikwa unaisha tarehe kumi na nane. Ukiufuta kabla ya hapo hakuna faini, ukikaa kimya unajirudia mwaka mzima. Kata hiyo na picha. Hivi vidogo acha, ndivyo vinavyowawezesha watu kukupata."

Mwanamke alisema kweli tupu, na ndiyo maana mume akakasirika. Alimwambia kazi za wodini ajue yeye, za ofisi amwachie mwenyewe.

"Haya," Mama Pacha akasema, akachukua viatu vyake. "Ila muhula ukiisha hujapata mteja, unaenda kwa kaka yangu. Bado anatafuta mtu wa kusimama dukani."

Duka la shemeji! La kalamu, karatasi na gundi. Shemeji mwenyewe alikuwa akimwita "Profesa" kila wakionana, tena mbele za watu. Baba Pacha aliapa kwamba hatauza daftari akiwa hai.

Basi unadhani alikata nini? Vile vidogo, mtu mzima ovyo. Kuvifuta kulikuwa rahisi, bonyeza mara mbili umemaliza, na kila alipokata kimoja alijiona mwanaume wa maamuzi. Mafaili aliyahamishia kwenye diski ya mezani, hapo hakukosea. Laini ya kazi akaiacha ife. Barua pepe ya biashara akaifuta, akafungua ya bure, akawaandikia wateja wake wote wadogo anwani mpya na namba yake ya nyumbani.

Wote isipokuwa mmoja. Jina la Mama Mhariri lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha ya kuwaarifu. Kidole kilisimama juu yake. Huyu ataniandikia nini tena, alijiuliza. Mistari mitatu, baada ya miaka sita! Kama ananihitaji atanitafuta. Akaliondoa jina, na moyo wake ukatulia, tena ukatulia vizuri mno. Tarehe kumi na nane ikapita, akijifanya hamnazo.

Muhula ulikwenda. Alipata vipeperushi vya saluni na kadi za daktari wa meno, basi. Wiki moja kabla shule hazijafungwa alipeleka vipeperushi kwa mchapaji wanayefahamiana. Mezani kwa mchapaji zilitandazwa kurasa za majaribio za kitabu cha sayansi. Aliinama kutazama. Pambizo zilikuwa zake. Kisanduku cha maswali chenye kona za mviringo kilikuwa chake, alikibuni mwenyewe mwaka wa kwanza. Mkono tu ndio haukuwa wake.

"Vipo sita," mchapaji alisema, "darasa la kwanza mpaka la sita. Binti mmoja ndiye anapanga. Kwani wewe si ulifunga?"

"Nani kasema nimefunga?"

"Mama Mhariri! Bajeti ilipofunguliwa alikutafuta wewe, ndugu yangu, wiki nzima. Barua inamrudia, simu haipatikani. Akaniuliza mimi, nami nikapiga namba ileile ya kwenye kadi. Tukasema masikini, ameacha kazi."

Alisogea pembeni, akasimama kando ya mashine ya kukatia karatasi iliyokuwa ikipiga kelele, akampigia.

"Wewe!" Mama Mhariri alifurahi kweli, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Nilikuandikia wewe wa kwanza, sikumfikiria mwingine. Mbona hukunipa anwani mpya?"

Angeweza kusema kweli. Alisema, "Nilipitiwa."

"Ah, bahati mbaya. Mkataba nimeshasaini na huyu binti, wa miaka mitatu. Nipe basi anwani yako, niandike." Akaitaja herufi kwa herufi, naye akaiandika taratibu, akairudia kuhakikisha.

Hakumficha mkewe. Mama Pacha alisikiliza hadi mwisho akiwa anakunja sare yake. Hakupiga kelele, heri angepiga.

"Ulikata masikio ukaacha hereni," alisema. "Jumatatu kaka anafungua saa mbili."

Ijumaa barua kutoka kampuni ya vitabu ikaingia kwenye anwani mpya, ya kwanza. Moyo ulimruka, mpumbavu yule. Ilikuwa ya binti. "Shikamoo kaka. Mama Mhariri ameniambia wewe ndiye uliyebuni kurasa hizi. Naomba mafaili asilia ya vitabu vya zamani, pamoja na fonti na picha zake, ili nisiharibu ulichokianzisha."

Mafaili yalikuwa mali ya kampuni. Hakuwa na la kukataa. Baba Pacha alifungua ile programu yake ghali, iliyolipiwa mwaka mwingine. Akafungua vitabu kimoja kimoja, akaiamuru ikusanye kila fonti na kila picha kwenye folda moja. Ilifanya kazi safi kabisa, haikukosa hata faili moja. Ndiyo kazi pekee ya vitabu iliyomfanyia muhula ule wote. Alipomaliza kutuma, pacha mmoja alichungulia mlangoni akauliza kama ni kweli Jumatatu atawaletea kalamu za rangi kutoka kwa mjomba.

"Nitawaletea," alijibu. "Kwa bei ya mfanyakazi."