Kiti cha Kurudi

Kefa, mume wangu, aliapa hajapoteza kitu. "Niliweka yuro mia kwenye kamari ya mtandaoni ya Ulaya, nikacheza, nikatoa yuro mia. Nimepoteza nini?"

Nauli, Kefa! Nauli ya sisi na watoto wawili, kwenda Vihiga kwetu na kurudi Nyeri!

Kwenye benki, karani alituonyesha. Siku ya kuweka, benki ilimuuzia kila yuro kwa shilingi 152, ikaongeza ada ya 400. Siku ya kutoa, kampuni ya kamari ilikata yuro tano, halafu benki ikanunua zilizobaki kwa 145. Elfu moja mia nane na ushee ziliishia njiani bila kushindwa mchezo wowote.

Sasa mmoja wetu hana kiti cha kurudi.

Jioni mama alipiga simu. Amemfunga kuku, amepaka nyumba udongo, ananingoja tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga mabati ya kwetu.

"Nitakopa ya kiti hicho," Kefa akasema.

"Usikope. Hicho kiti kinachokosekana ni changu. Wewe rudi na watoto."

Akacheka kidogo, akidhani natania.