Maswali ya Siku ya Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, meza namba thelathini na nane ya soko ilikuwa bado imefunikwa turubai. Ilikuwa siku ya tisa ya kupiga picha za filamu. Katika siku nane zilizotangulia, turubai lile halikuwahi kufikisha saa kumi na mbili kamili bila kukunjwa.

"Leo bibi kaamua kulala kama tajiri," alisema mpiga picha, akishusha kamera begani.

Mwongozaji aliandika saa kwenye daftari, akasubiri. Pale sokoni wauzaji walimwita mwanamke huyo Bi Karatasi, kwa kuwa hakuwahi kuonekana mikono mitupu. Karatasi zenyewe zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni muhtasari wa hadithi, kurasa nne: wauzaji watatu, soko kuanzia alfajiri hadi kufungwa, hakuna msimulizi, hakuna mtu kuambiwa afanye hivi au vile. Kamera ingeangalia tu. Siku ya kumi na mbili peke yake, baada ya wateja kuondoka, kila muuzaji angekaa nyuma ya meza yake na kuulizwa.

Ya pili ilikuwa orodha ya maswali kumi na saba. Aliyapanga kama alivyofundishwa: mwanzo yale ambayo mikono inayajua, mwisho yale ya moyoni. Unafungua saa ngapi lilikuwa la kwanza. Unajuaje kuwa kitunguu kimeoza ndani kabla hujakikata lilikuwa la nne. La kumi na saba lilisema: Ni nani unayetamani angekuona hapa, na ungemwambia nini?

Mwenye meza thelathini na nane alikuwa muuza vitunguu wa miaka sitini na nne. Jina lake la sokoni lilikuwa Mizani, kwa sababu mizani yake haikuwahi kumpunja mtu. Siku ya kusaini ridhaa aliuliza kwa haki yake, "Hayo mtakayoniuliza ni yapi?" Mwongozaji akamtajia mada zote, na ile ya mwisho akaitaja kwa ufupi. Mizani akasaini.

Siku ya saba, saa nane mchana, wateja walikuwa wamepungua na mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Mizani alimwita mwongozaji kwa kidole.

"Bi Karatasi, mwanangu. Lile swali la mwisho, jibu ninalo."

"Litunze, mama."

"Miaka tisa nimelitunza. Limeshaota kutu." Akasogeza gunia kwa mguu. "Yule wangu wa kiume, nataka nimwambie..."

"Bado, mama. Tafadhali. Ukinieleza sasa, siku ile utakuwa unakariri. Neno likisemwa mara ya kwanza ndipo lina uhai. Siku tano tu."

Mizani alicheka. "Kumbe maneno nayo kama vitunguu. Ukiyashikashika yanachubuka."

"Mwache mama wa watu aseme," alidakia muuza nyanya wa meza ya jirani. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Wewe yako yanaumizwa na nyanya unazokula bila kuosha," Mizani alimjibu, kisha akamgeukia mteja. "Haya. Kilo mbili, baba?"

Hilo ndilo lililotokea siku ya saba. Siku ya tisa, saa moja na dakika tano asubuhi, muuza nyanya alifika akiwa hana kikapu wala utani. Alisimama mbele ya turubai, akavua kofia.

"Msingoje," alisema. "Mizani hayupo tena. Jirani yake amegonga mlango alfajiri, hakujibiwa. Moyo, wanasema."

Mpiga picha alimtazama mwongozaji. Mwongozaji akatikisa kichwa, na kamera haikuwashwa siku hiyo.

Mwana wa kiume wa Mizani alikuja ofisini kwa mwongozaji siku kumi na sita baadaye. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili juu ya duka la rangi: skrini mbili, spika mbili, pazia zito, viti vitatu. Alikuwa dereva wa malori, mwanamume mpana wa miaka thelathini na kitu, na alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeambiwa asikae sana. Juu ya meza mwongozaji alikuwa ameweka fomu ya ridhaa ya familia. Kisheria saini ya marehemu ilitosha, lakini hakutaka kutumia sura ya mtu aliyekufa bila watu wake kukubali.

"Dada, mimi sitakuzungusha," mwanamume alisema. "Niliondoka nyumbani kwa ugomvi. Nilimtamkia maneno mama yangu ambayo hata adui humtamkii. Miaka tisa. Nikipiga simu hapokei, akipiga yeye sipokei mimi. Pale msibani muuza nyanya kaniambia, watu wa kamera ndio aliokuwa anataka kuwaeleza. Nataka kujua kitu kimoja. Alinisamehe, au hakunisamehe?"

Mwongozaji alijua kwamba neno moja lingetosha. Neno lile lilikuwa jepesi, na hapakuwa na mtu hai wa kulikanusha.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi? Si alikuambia?"

"Alitaka kuniambia. Nilimzuia."

Mwanamume hakuonekana kuelewa. Mwongozaji akamweleza mpangilio wa maswali, siku ya kumi na mbili, na sababu ya kuliahirisha jibu. Alipokuwa akieleza, aliisikia sauti yake mwenyewe, safi na yenye mantiki, na akaiacha imalize.

"Kamera ilikuwa imezimwa," aliongeza. "Lakini kifuani alikuwa na maiki, na kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. Tuligundua juzi, wakati wa kuorodhesha rekodi. Ni sekunde arobaini na moja."

"Weka."

Aliweka. Gunia lilikwaruza sakafu. Yule wangu wa kiume, nataka nimwambie. Kisha sauti ya mwongozaji, karibu zaidi kuliko alivyokumbuka: Bado, mama. Kisha kicheko, vitunguu, nyanya, kilo mbili.

Mwanamume aliinamisha kichwa. "Rudia."

Alirudia. Mara ya tatu mwanamume alinyoosha mkono mara baada ya kicheko, na mwongozaji akasimamisha.

"Hapo amecheka," alisema mwanamume.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa na vicheko viwili. Kimoja cha furaha, kingine cha kumeza jambo." Alifikiri. "Zamani nilikuwa navitofautisha hata nikiwa chumba cha pili. Sasa siwezi."

Mwongozaji aliirudisha rekodi mwanzo.

"Swali lile," mwanamume aliendelea, "uliliandika kwa ajili yake, au kwa ajili ya filamu?"

"Kwa ajili ya filamu."

"Angalau husemi uongo."

Akaomba nakala. Mwongozaji alimtumia sekunde zote arobaini na moja kwenye simu, bila kukata sauti yake mwenyewe. Mwanamume aliweka simu sikioni, akahakikisha imeingia, akaitia mfuko wa shati. Kisha akaivuta fomu, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia macho.

"Hapa inasema nakubali mama yangu aonekane."

"Ndiyo, kaka."

"Kuonekana hakukuwa shida yake."

Akaiweka kalamu juu ya fomu, akasimama. Saa tano na dakika ishirini asubuhi alishuka ngazi. Fomu haikuwa na saini.