Kilichomshika Barni Mkono

Mwaka ule mvua ya El Niño iliharibu barabara zote za Garissa, na watu wenye jamaa ng'ambo ya mpaka hawakuwa na njia ya kupata habari zao ila kwa taar. Taar ni ile redio ya kuitana kwa mawimbi, inayokula betri ya gari, na ya Barre ilikuwa katika chumba cha udongo nyuma ya soko la mbuzi. Mkewe Ramlo ndiye aliyefagia, akapanga wateja kwenye benchi na kuwapikia chai.

Kila alasiri Barni, mama mtu mzima ambaye wote walimwita eddo, yaani shangazi, alikuwa wa kwanza kwenye benchi hilo. Mwanawe wa pekee, Abdijabar, alibaki Kismayo, na tangu Ramadhani sauti yake haikusikika. Mwendeshaji wa taar ya Kismayo aliitwa kila siku, na kila siku alijibu vilevile: hajaonekana, tunauliza.

Lakini kwa majuma machache sasa Barni alikuwa akiondoka pale akitabasamu.

"Leo amenishika mkono," alimwambia Ramlo, akimwonyesha kiganja. "Nikikamata hiki chuma cha kusemea, mkono wangu wote unatetemeka taratibu, kama mtoto anayetikisa kidole cha mama yake. Hana sauti, masikini, lakini yupo."

Wanawake wengine walijaribu. Kila mmoja alishika maikrofoni, na kila mmoja alishtuka, akacheka, akamtaja Mungu. Kweli kulikuwa na kitu. Kilipanda kwenye vidole kama sisimizi. Wengine walianza kuja bila haja ya kuzungumza na mtu yeyote, mradi washike tu.

"Mumeo anauza miujiza siku hizi," jirani mmoja alimtania Ramlo. "Mwambie aninyooshee na mgongo."

Barre alikuwa na maelezo yake. Miaka yote aliyofanya kazi ya taar alijua kwamba redio inaposema, mawimbi yake huweza kuuma midomo na vidole vya msemaji. "Ni mawimbi, abaayo," alimwambia mkewe, akimwita dada kwa upole. "Redio yenye nguvu lazima iume kidogo. Hii sasa ina nguvu kwa sababu betri imejaa."

Betri ilijaa kwa sababu ya chaja mpya. Ile ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, ilikuwa imekufa. Mpya ililetwa kutoka Mandera na lori la vitunguu lililofaulu kupenya matope: nyepesi, bati lake jembamba, haina jina la mtengenezaji popote, wala haisemi inabeba kiasi gani cha umeme. Plagi yake ilikuwa na miguu miwili tu, kwa hiyo Barre alisukuma kijiti kwenye tundu la tatu la soketi ili matundu mengine yafunguke. Ilichomekwa usiku na mchana, vishikio vyake vimeng'ang'ania betri hata wakati wa mazungumzo. Ramlo aliwahi kuweka mkono juu yake akauondoa haraka. Ilichoma kama sufuria, na harufu yake ilikuwa ya plastiki inayoungua. Barre akaiweka juu ya matofali mawili ipate upepo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Watu walikwenda kutawadha kwa ajili ya swala ya alasiri, na Barre akazima redio, akawafuata. Chumba kilikuwa kitupu. Ramlo alichukua kitambaa kibichi kufuta vumbi, na kitambaa kilipogusa sanduku la redio, sisimizi wakampanda hadi kwenye kiwiko.

Aliganda pale. Kisha akaitazama taa ndogo ya redio. Ilikuwa imezimwa.

Hakuna aliyekuwa akisema. Hakukuwa na mawimbi. Alinyoosha kidole tena, akiwa juu ya ndala zake za mpira, akagusa tena kwa ncha tu. Kitu kilikuwapo, kimya, kinasubiri, kwenye redio iliyolala. Macho yake yakafuata waya: kutoka kwenye sanduku hadi kwenye betri, kutoka kwenye betri hadi kwenye chaja, kutoka kwenye chaja hadi ukutani. Nywele za shingoni zikamsimama. Si kwa hofu kwanza. Ilikuwa ile hali inayomjia mtu anapoinama juu ya kisima kirefu na kutazama chini. Kitu kikubwa namna hiyo, kinachowasha mji mzima, kilikuwa kimekaa chumbani mwao kama mgeni, na wao walikuwa wakikisalimu kwa mkono.

Ndipo alipomfikiria Barni, na kilichomuuma ni hiki: atamwambiaje?

Alikuwa bado anatafuta maneno Barni alipoingia. Alikuwa ametoka kutawadha kwenye pipa la mlangoni, miguu peku, maji yanamtiririka mikononi, na sakafu ya udongo imelowa nyuma yake.

"Nimsalimie kabla ya swala," alisema, akaenda moja kwa moja.

"Eddo, usi—"

Barni alikwisha shika. Safari hii hakutabasamu. Mkono ulijifunga juu ya ile maikrofoni ya chuma kama ngumi, mwili wote ukakakamaa, na kooni mwake ikatoka sauti ambayo haikuwa neno.

Barre aliruka kutoka mlangoni, mkono ameunyoosha. Kisha mkono ukarudi wenyewe. Alikuwa na udhu, na tangu ujana wake alifundishwa kwamba mwenye udhu hamgusi mwanamke asiye ndugu yake. Hakuwaza, mwili ndio uliokumbuka. Badala yake akachukua bakora yake kavu iliyoegemea ukuta, akaunasa waya wa chaja kwa mpini wake uliopinda na kuvuta kwa nguvu. Plagi ile iliyokaa kwa kulazimishwa ikang'oka kwenye soketi.

Barni akaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba.

Ramlo alipiga magoti kwenye maji. Kifua hakikupanda. Kisha kikapanda. Alikaa pale akikitazama kinavyopanda na kushuka, na hakuna kitu maishani mwake alichowahi kukiona kikubwa kuliko hicho. Barre alisimama juu yao akiitazama mikono yake mwenyewe, iliyolowa kama ya Barni.

"Ningemshika," alisema polepole, "tungekuwa wawili."

Fundi redio wa soko, Keinan, alifungua ile chaja kwa bisibisi mbele yao. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba zilizozungushwa, za stima, huo umeme wa ukutani, na za betri, na kati yao palipaswa kuwa na kizuizi madhubuti. Palikuwa na karatasi tu, na karatasi imekuwa nyeusi. Rangi iliyofunika nyaya ilikuwa imeyeyuka kwa joto.

"Stima ya ukutani ilikuwa inavuja hadi kwenye betri, na betri imeungana na chuma chote cha redio," alisema Keinan. "Mwenye ndala kavu anasisimka. Mwenye maji na miguu peku, ardhi inamvuta. Na chaja yenyewe haina hata waya wa ardhini."

Barni alilala nyumbani kwa Ramlo, kiganja chake kimefungwa bendeji na daktari. Alipoweza kukaa alikunywa chai, kisha akauliza bila kumtazama mtu.

"Aliyekuwa akinishika ni nani?"

Ramlo alitamani angekuwa na jibu lingine. "Ilikuwa stima, eddo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Barni aliweka kikombe chini. Nje mbuzi walikuwa wakirudi. "Basi mimi sijasikia habari za mwanangu tangu Ramadhani," alisema. "Nipelekeni kwenye taar."

Barre alikuwa ameazima betri iliyojazwa kwenye kituo cha mafuta, na pale chaja ilipokuwa hapakuwa na kitu. Alimwita mwendeshaji wa Kismayo, akamsogezea Barni maikrofoni. Barni aliichukua kwa mkono mzima. Haikutetemeka. Ilikuwa chuma baridi, na aliishika hivyo hivyo.

"Ni mama yake Abdijabar," alisema. "Leo siulizi kama ameonekana. Nauliza nani alimzika."

Redio ikavuma. Ramlo alisikia upepo wa mbali ukipita ndani yake, maili zote zile za mchanga na maji, na mtu upande wa pili akivuta pumzi.

"Subiri hapo hapo, eddo," ilisema sauti ya Kismayo, na sasa ilikuwa ya chini. "Yupo mtu hapa mlangoni aliyekuwapo mazikoni. Alisema nisikwambie, ila ukiuliza hivyo mwenyewe, nimwite."